Mashine Ilisoma 9.4: Mazungumzo kuhusu Vidonge Vinavyotoa Sukari kwa Mkojo

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi asubuhi mjini Tanga, mbele ya watu wenye kisukari na jamaa zao wanaowauguza. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Asalaam alaykum wazee wangu, na habari za asubuhi mabibi na mabwana.

Naomba nianze chooni, mnisamehe. Mzee mmoja alikuja kliniki akiwa amekasirika. Alikuwa ameandikiwa kidonge kipya cha kisukari, cha kumeza kimoja kila asubuhi, na baada ya siku chache akaona sisimizi wamejipanga pembeni mwa tundu la choo cha uani. Tangu utotoni alijua kwamba sisimizi wakifuata mkojo wa mtu, mtu huyo ana sukari. Akaniambia, "Daktari, dawa yako imenizidishia ugonjwa." Nilimpima kidoleni, mashine ikasoma 7.2, ilhali mwezi mmoja kabla alikuwa akisoma 13 na 14. Sisimizi hawakukosea, na mashine nayo haikukosea. Sukari ilikuwa imetoka kwenye damu ikaingia chooni, na hiyo ndiyo kazi ya kidonge chenyewe.

Leo nataka tuzungumze juu ya vidonge hivi: dapagliflozini, empagliflozini, kanagliflozini na ndugu zao. Majina yote yanaishia kwa "gliflozini", kwa hiyo mkitazama kisanduku mtavitambua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, na sababu haikuwa sukari peke yake, kwa kuwa vinasaidia pia moyo uliochoka na figo zinazoanza kushindwa. Mimi mwenyewe naviandika karibu kila siku ya kliniki. Sijaja kuvisema vibaya. Nimekuja kuwaeleza njia vinayoitumia, kwa sababu hatari zake mbili zinatoka katika njia hiyo hiyo, na moja kati yake mashine yenu ya kidoleni haiwezi kuiona.

Je, figo inafanya nini na sukari? Kila siku figo zetu huchuja takriban lita 180 za maji ya damu. Mtu asiye na kisukari ana karibu gramu moja ya glukosi katika kila lita, kwa hiyo gramu 160 hivi hupita kwenye chujio kila siku. Lakini mkojo wake hauna sukari. Imekwenda wapi? Imerudishwa. Mara tu baada ya chujio kuna mirija myembamba, na kwenye kuta za mirija hiyo wamo wabebaji, yaani protini zinazoshika glukosi na kuirejesha kwenye damu. Mbebaji huyu habebi glukosi peke yake, bali huishika pamoja na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na ni mvuto wa sodiamu kuingia ndani ndio unaoikokota glukosi. Ndiyo maana wataalamu wakampa jina la mbebaji wa pamoja wa sodiamu na glukosi, namba mbili. Yeye hurudisha karibu asilimia 90 ya glukosi yote iliyochujwa, na masalio hushikwa na mwenzake, namba moja, aliye mbele zaidi kwenye mrija.

Kidonge kinakwenda kukaa kwenye mikono ya huyu namba mbili. Akishikwa mikono, sukari inampita. Namba moja anajitahidi kuiokota, anaokota nyingi, lakini hawezi yote. Mwisho wa siku mtu mwenye kisukari na figo nzuri hukojoa gramu 60 hadi 80 za glukosi. Chukueni gramu 70: ni kama vijiko 17 vya chai vya sukari vinavyomwagwa kila siku, na pamoja navyo kalori kama 280. Ndiyo sababu wengi hupungua kilo mbili tatu. Na kwa kuwa sukari huvuta maji na chumvi, mkojo nao huongezeka, na mtu huamka usiku mara moja zaidi ya alivyozoea.

Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza, figo iliyokwisha kudhoofika inachuja kidogo, kwa hiyo inamwaga sukari kidogo. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuandikiwa kidonge hiki kwa ajili ya moyo au figo zenyewe, na asione sukari ikishuka sana, wala asidhani amepewa dawa bandia. La pili, na nawaomba mlishike hili maana tutalirudia: kidonge hiki kinashusha sukari bila kuigusa insulini. Hakiongezi insulini mwilini. Hakimpi nguvu kongosho. Kinatoboa tundu chini ya pipa, basi. Maji ya pipa yanashuka, lakini aliyekuwa na upungufu wa insulini jana, leo pia anao.

Sasa tuje kwenye lile ambalo watu huona haya kulisema.

Mkojo wenye sukari unapita wapi unapotoka? Unapita sehemu za siri, na matone yake hubaki kwenye mikunjo ya ngozi, kwenye nguo ya ndani, na kwa mwanamume asiyetahiriwa, chini ya govi. Hapo pana joto, pana unyevu, na sasa pana chakula. Fangasi aina ya kandida, ambao huishi mwilini kwa wengi wetu bila kelele, hupata karamu. Katika majaribio ya dawa hizi, maambukizi haya yaliwapata wanawake wengi kuliko wanaume, na hatari ya watumiaji ilikuwa kama mara tatu ya wasiotumia. Miongoni mwa wanaume, wasiotahiriwa ndio waliopata zaidi. Aliyewahi kuyapata kabla ya kidonge ana uwezekano mkubwa wa kuyapata tena, na kwa kawaida huja katika miezi ya mwanzo.

Nitawasimulia habari ya mke na mume, wote zaidi ya miaka 50. Mke alianza kidonge, na wiki ya tatu akaanza kuwashwa, akatokwa na utoko mweupe mzito kama mtindi uliokatika. Hakumwambia mtu. Alikwenda duka la dawa akasema ana yutiai, kwa sababu siku hizi kila kinachowasha pale chini tumekiita yutiai, akauziwa vidonge vya antibayotiki vya siku saba. Antibayotiki haziui fangasi. Kinyume chake, huua bakteria wema wanaowazuia fangasi wasitawale, na siku ya saba hali ilikuwa mbaya kuliko siku ya kwanza. Kufikia hapo mume naye, ambaye hakuwa ametahiriwa, akaanza kupata wekundu na vipele kwenye ncha. Ninyi watu wazima, mnajua kilichofuata ndani ya nyumba ile? Mke alimuuliza mume amekwenda wapi. Mume akamuuliza mke swali hilo hilo. Walipofika kwangu walikuwa na wiki mbili hawalali chumba kimoja, na kila mmoja alitaka aingie peke yake.

Hakuna aliyekuwa amekwenda popote. Mke alipata flukonazo miligramu 150, dozi moja, pamoja na krimu ya klotrimazo ya kupaka nje, na mume akapata krimu hiyo hiyo. Katika siku chache walikuwa sawa. Je, alilazimika kuacha kidonge? Hapana. Fangasi wa namna hii kwa kawaida hutibika huku kidonge kikiendelea, ila wakimrudia mtu tena na tena ndipo tunakaa na kutafakari dawa nyingine. Nilimshauri jambo ambalo sisi watu wa pwani tunalijua bila kufundishwa na daktari: kutawadha kwa maji kila baada ya haja ndogo. Lakini nikamwongezea nusu ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni kujikausha kabisa kwa kitambaa safi, kwa kuwa kuosha na kuacha unyevu ni kuwatilia fangasi maji. Nguo ya ndani iwe ya pamba na ibadilishwe kila siku. Sabuni yenye manukato na dawa za kujisafisha ndani ya uke ziachwe.

Lipo jambo moja zito ambalo ni nadra sana, na nitalisema mara moja tu. Ukipata maumivu makali, uvimbe au wekundu kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, pamoja na homa au uchovu usio wa kawaida, huo si muwasho wa krimu. Inaweza kuwa maambukizi yanayooza nyama ya chini ya ngozi, ambayo huhitaji upasuaji wa haraka, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2018. Hapo usingoje asubuhi.

Wapendwa, nimefika kwenye sehemu iliyonifanya niombe nafasi ya kuzungumza leo.

Mama mmoja mshonaji, umri wa miaka 56, alikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 15. Alikuwa akitumia metfomini na insulini ya mchanganyiko, yuniti 24 asubuhi na 16 jioni, lakini sukari yake haikushuka chini ya 13. Akaongezewa kidonge hiki. Baada ya wiki tatu mashine ikaanza kusoma 8. Alifurahi, nani asingefurahi? Na kwa kuwa sindano zilikuwa zimemchosha na insulini ina gharama, akaanza kujipunguzia mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka akafika yuniti 6 asubuhi na 6 jioni. Mashine bado ilisoma 8 na 9. Kwa macho yake, na kwa macho ya mtu yeyote aliyetazama daftari lake, mambo yalikuwa mazuri.

Kisha akaharisha na kutapika baada ya chakula cha shughuli. Siku mbili alikuwa akinywa uji vikombe viwili tu. Kwa kuwa hali chakula, akaacha insulini kabisa, akiogopa sukari isishuke. Kidonge cha asubuhi akaendelea nacho, maana alifundishwa kwamba dawa ya kisukari haikatizwi. Yaani aliacha alichopaswa kuendelea nacho, na akaendelea na alichopaswa kuacha. Siku ya tatu tumbo lilimuuma, akapelekwa zahanati. Malaria ilipimwa, haikuwepo. Sukari ilikuwa 10.1. Akaambiwa sukari yako nzuri mama, hili ni tumbo tu, akapewa omeprazo na chumvichumvi za kuongeza maji, akarudi nyumbani.

Usiku wa siku iliyofuata aliletwa kwetu akipumua kama mtu aliyepandisha mlima. Pumzi 34 kwa dakika, ndefu, za kina, na mapafu yakiwa safi. Mashine ilisoma 9.4. Nami nakiri mbele yenu: niliiangalia 9.4 ile, nikaandika kwenye faili "homa ya mapafu?" pamoja na alama ya kuuliza. Muuguzi wa zamu ndiye aliyesimama kichwani kwa mgonjwa akasema, "Daktari, mdomo wake unanukia kama rangi ya kucha." Tulikuwa na kimashine cha kupima ketoni za damu kilichobakiwa na stripu sita. Tukatumia moja. Ikasoma 6.1, ilhali kwa mtu aliyeshiba kiwango huwa chini ya 0.6, na kikifika 3 ni hatari. Uchachu wa damu ulikuwa mkubwa: pH 7.1, bikabonati 9. Hii ni ketoasidosisi, damu iliyojaa asidi ya ketoni, ile ile tuliyozoea kuiona kwa watu wenye sukari ya 25 na 30. Ila sukari ya huyu ilikuwa 9.4.

Imewezekanaje? Rudini kwenye pipa. Insulini ina kazi mbili. Ya kwanza mnaijua, kuingiza sukari kwenye chembe hai. Ya pili haisemwi sana: insulini ni mlinzi wa ghala la mafuta. Ikiwapo ya kutosha, mafuta hukaa ghalani. Ikipungua sana, mafuta humwagika kuelekea ini, na ini huyageuza kuwa ketoni. Ketoni kidogo hazina neno, mtu aliyefunga huwa nazo kufikia alasiri. Zikizidi bila breki, damu inachachuka. Sasa, katika ketoasidosisi tuliyoizoea, upungufu wa insulini huonekana kwa kazi zote mbili kwa pamoja: ketoni zinapanda, na sukari nayo inapanda, hivyo mashine inapiga kelele. Lakini ukiwa na kidonge hiki, sukari ile inayopaswa kupanda inatoka kwenye tundu la chini. Mafuta yanawaka, ketoni zinajaa, na mashine inasoma 9. Tena sukari inapoondoka hivyo, kongosho hupunguza insulini inayotoa, na homoni pinzani yake, glukagoni, huongezeka, na hiyo huzidi kulisukuma ini lizalishe ketoni. Mgonjwa anatapika, hali, hanywi, na wakati huo huo mkojo unaendelea kumtoa maji. Mashine haikudanganya, wapendwa. Iliulizwa swali la sukari, ikajibu la sukari.

Hata kipimo cha mkojo kilitupa mashaka. Stripu ya mkojo ya mama huyu ilionyesha ketoni "jumlisha moja" tu. Kidonge hiki kinaweza kuifanya figo irudishe ketoni kwenye damu badala ya kuzitoa, na tena stripu ya mkojo haiisomi ile ketoni kuu iliyomo damuni. Kwa hiyo stripu ya mkojo ikisema zipo nyingi, iamini, lakini ikisema ni kidogo au hakuna, usiitumie kumrudisha mtu nyumbani. Aliyekosa kimashine cha damu apime bikabonati, au ampe mgonjwa rufaa.

Matibabu nayo yana mtego. Alikuwa na kilo 70, tukamwekea maji ya chumvi kwa dripu, na insulini yuniti 7 kwa saa, huku tukiangalia potasiamu. Kufikia asubuhi ketoni zilikuwa 3.8. Zamu ikabadilika. Sukari ikasoma 7.9, na aliyepokea zamu, kwa nia njema kabisa, akasimamisha insulini ili sukari isianguke. Baada ya saa tatu ketoni zilikuwa 5.0. Insulini haikuwa pale kwa ajili ya sukari, ilikuwa pale kwa ajili ya ketoni. Dawa ya sukari inayoshuka ilikuwa ni kumwongezea sukari kwenye dripu, dekstrosi asilimia 10, na kwa wagonjwa wa namna hii dekstrosi inapaswa kuanza mapema pamoja na insulini, isingojewe. Tulirudisha vyote viwili. Jioni ya siku ya pili ketoni zilikuwa chini ya 0.6, na stripu ya mwisho ilikuwa imeisha. Sukari iliendelea kuonekana kwenye mkojo wake kwa siku nne baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo msidhani kwamba ukiacha leo jioni, kesho asubuhi kimekwisha mwilini.

Je, hali hii inampata kila mtu? Hapana, kwa mwenye aina ya pili ni nadra. Lakini ina marafiki wake, nao ni hawa: kujipunguzia insulini sana kwa kuwa mashine inasoma vizuri, kutapika na kutokula, homa kali, upasuaji, pombe nyingi, na ile mitindo ya kuacha wanga kabisa ili kupunguza mwili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hatari yake ni kubwa zaidi, na asikubali kupewa kidonge hiki kama jirani anavyopewa.

Basi ukiumwa ukashindwa kula na kunywa, simamisha kidonge hiki siku hiyo hiyo. Insulini usiiache, dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri, lakini isifike sifuri. Ukiwa na kichefuchefu, maumivu ya tumbo, uchovu mzito au pumzi za haraka, nenda hospitali hata kama mashine inasoma 8, na ukifika usiseme tu "nina kisukari". Sema, "Natumia kidonge cha kukojoza sukari, naomba nipimwe ketoni za damu." Shika na kisanduku mkononi. Ukipangiwa upasuaji, vidonge vingi vya kundi hili huachwa siku tatu kabla, na ertugliflozini siku nne. Mwambie daktari wa upasuaji mapema, usingoje akuulize mlangoni.

Na Ramadhani? Najua swali hili lingekuja, kwa hiyo nimelitangulia. Wengi wenye aina ya pili wasiotumia insulini huweza kufunga wakiwa na kidonge hiki, ila kisianzishwe mwezi ukiwa umeandama. Kianze wiki kadhaa kabla, mwili ukizoee. Kimezwe wakati wa futari, maji yanywewe ya kutosha mpaka daku, na siku utakayotapika, fungua. Anayetumia insulini aje tukae naye kabla ya Shaabani kwisha, kwa sababu saa 13 bila chakula, insulini iliyopunguzwa na kidonge hiki kwa pamoja ndiyo hali ile ile ya mama mshonaji.

Yeye mwenyewe alipona, akarudi kwenye cherehani. Kidonge hatukumrudishia, na aliyewahi kupata ketoasidosisi akiwa nacho kwa kawaida harudishiwi. Aliyekisimamisha kwa homa au kuhara tu hukianza tena akishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Sasa nikaribishe maswali, na yule mzee wa sisimizi, namuona pale nyuma, aanze.